Tiki nyingi ndani ya seli moja: kwa nini hesabu ya mazao haikai sawa

Karibu kila dodoso la wakulima huku Nyanda za Juu Kusini lina swali la aina hii: "Unalima mazao gani? Weka tiki kwenye yote yanayokuhusu." Mkulima wa Rungwe anatia tiki ndizi, parachichi na mahindi, na hapo amejibu vizuri kabisa. Shida inaanza majibu yakishafika kwenye jedwali. Google Forms huyaweka yote matatu ndani ya seli moja, yakitenganishwa kwa mkato na nafasi, na kuanzia hapo Excel inaona maandishi marefu tu. Haijui kwamba ndani yake mna majibu matatu.

Dawa yake ni kulipatia kila zao kolamu yake, kisha kila mstari uandikwe 1 kwa aliyetia tiki na 0 kwa ambaye hakutia. Wengi wanalijua hilo. Wanachokwama nacho ni namna ya kufika huko bila hesabu kuharibika njiani, kwa sababu njia za mkato zinazojulikana hutoa namba zinazofanana na ukweli lakini si ukweli. Hapa chini nimepanga dalili kwa kufuata mpangilio ambao kwa kawaida mtu hukutana nazo.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeufupisha uwe mistari tisa ili uweze kuhesabu kwa macho na kulinganisha. Kolamu A ina namba za madodoso, na kolamu B ina majibu kuanzia B2 hadi B10. Mengine yameingia kwa simu, mengine yamechapwa na karani kutoka kwenye karatasi.

```
B2   Mahindi, Maharage, Viazi
B3   Mahindi, Viazi vitamu
B4   Ndizi, Parachichi
B5
B6   Viazi, Mboga (kabichi, karoti)
B7   Mahindi, Maharage, Ndizi, Parachichi
B8   mahindi,viazi vitamu
B9   Mahindi, Pareto
B10  Mahindi, Maharagwe
```

Dodoso lilikuwa na machaguo saba yaliyotajwa, pamoja na "Nyingine" ambapo mkulima anaandika mwenyewe. Pareto haikuwa kwenye orodha. Mtu ameiandika, na Google Forms imeyaweka maneno yake moja kwa moja ndani ya seli, bila kutanguliza neno "Nyingine".

Dalili: zao linalolimwa na wengi linatoa sifuri

Mtu anataka kujua wangapi wanalima viazi, anaandika hivi:

```
=COUNTIF(B2:B10,"Viazi")
```

Jibu ni 0. Ukitazama kwa macho, B2 na B6 wote wana viazi. Sababu ni kwamba COUNTIF ikipewa neno tupu inatafuta seli ambayo ndani yake mna neno hilo peke yake, herufi kwa herufi. Anayelima viazi pamoja na kitu kingine hahesabiwi, na huku kwetu mkulima wa zao moja tu ni nadra.

Kosa hili halitoi sifuri kila mara. Kwenye dodoso la watu mia nne huenda wapo thelathini waliotia tiki moja tu, na fomula italeta thelathini. Namba hiyo haishtui, kwa hiyo inapita hadi kwenye ripoti. Namna ya kuitambua ni rahisi: jumlisha hesabu za machaguo yote. Swali linaruhusu tiki nyingi, kwa hiyo jumla inatakiwa izidi idadi ya waliojibu, au angalau ilingane nayo. Ikiwa pungufu, unahesabu waliotia tiki moja tu.

Dalili: zao moja linazidi, na hakuna anayejua ziada imetoka wapi

Hatua inayofuata huwa ni kuongeza nyota pande zote mbili:

```
=COUNTIF(B2:B10,"*Viazi*")
```

Sasa jibu ni 4. Fomula imeokota B2 na B6, ambao ni sahihi, lakini pia imeokota B3 na B8, ambao wametia tiki "Viazi vitamu". Nyota zinasema "popote neno hili lilipo", na neno Viazi limo ndani ya Viazi vitamu. Mtu wa Isongole akisema viazi anamaanisha viazi mviringo, wala haoni sababu ya kuongeza neno. Ndivyo machaguo yanavyoandikwa kwenye dodoso, na mhojiwa anaelewa. Kompyuta haielewi.

Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote kwenye kazi hii, kwa sababu halionyeshi alama yoyote. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna seli nyekundu. Ripoti inasema viazi vinalimwa na watu mara mbili ya ukweli, na mtu mwingine anapanga mbegu kwa kutumia namba hiyo.

Madodoso yanayotumia namba badala ya majina yana ugonjwa huohuo. Ukitafuta *1* ndani ya "3, 10, 12" unaambiwa chaguo la kwanza limo, kwa sababu tarakimu 1 imo ndani ya 10 na ndani ya 12. Kabla ya kuanza, pitia orodha ya machaguo yako ukijiuliza: kuna jina lolote lililolala ndani ya jina jingine? Mahindi na Mahindi mabichi? Ng'ombe na Ng'ombe wa maziwa? Kisima na Kisima cha pampu? Kama lipo, njia ya nyota haikufai.

Tiba ni kuliwekea kila jibu uzio pande zote mbili kabla ya kulitafuta. Uzio tunao tayari, ni ule mkato na nafasi. Hatutafuti "Viazi", tunatafuta ", Viazi, ". Ila jibu la kwanza kwenye seli halina mkato mbele yake, na la mwisho halina mkato nyuma yake, kwa hiyo tunaiongezea seli yenyewe mkato mwanzoni na mwishoni. B3 inakuwa ", Mahindi, Viazi vitamu, ". Ndani yake hamna ", Viazi, " kwa sababu baada ya Viazi linafuata neno vitamu, si mkato. B2 inakuwa ", Mahindi, Maharage, Viazi, " na humo imo.

Fomula yenyewe inakuja baada ya usafi, maana uzio unafanya kazi pale tu ambapo mikato yote imeandikwa namna moja.

Dalili: macho yanaliona jibu, fomula hailioni

Tazama B8. Karani ameandika "mahindi,viazi vitamu" bila nafasi baada ya mkato, na huenda ameacha nafasi mwishoni isiyoonekana. Uzio wetu ", Viazi vitamu, " hautaipata. Herufi ndogo haina neno, kwa kuwa fomula tutakayotumia haijali ukubwa wa herufi, lakini nafasi inaijali.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, nakili majibu uyaweke kwenye karatasi mpya ya kazi. Usifanyie usafi kwenye karatasi ambayo fomu inamwaga majibu. Ile iache ilivyo, iwe ushahidi wako wa kurudia mtu akikuuliza. Kwenye nakala, tenga kolamu C iwe ya majibu safi, na C2 iandike hivi, kisha ivute hadi C10:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(TRIM(B2)," ,",","),",",", "))
```

Isome kuanzia ndani. TRIM ya kwanza inaondoa nafasi za pembeni na kupunguza nafasi mbilimbili ziwe moja. SUBSTITUTE ya ndani inaondoa nafasi iliyotangulia mkato. Ya nje inaweka nafasi baada ya kila mkato, hata pale ilipokuwepo, na TRIM ya mwisho inafuta zilizozidi. B8 inatoka ikiwa "mahindi, viazi vitamu", sawa na nyingine.

Majibu yaliyonakiliwa kutoka Word au kwenye ukurasa wa mtandao wakati mwingine hubeba nafasi ya aina nyingine, ambayo TRIM haiigusi. Ukiona seli mbili zinafanana kabisa lakini moja inakataa kuhesabiwa, jaribu kuweka SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ") mahali palipo B2.

Dalili: chaguo moja limekatika vipande viwili

Chaguo la "Mboga (kabichi, karoti)" lina mkato ndani ya jina lake. Anayetumia Text to Columns, au Split text to columns ya Google Sheets, anajikuta na kipande "Mboga (kabichi" upande mmoja na "karoti)" upande mwingine. Programu haiwezi kujua mkato upi unatenganisha majibu na upi ni wa ndani ya jina.

Kinga yake ni kutoandika mkato ndani ya machaguo wakati wa kutengeneza fomu. Kama majibu yameshaingia, bonyeza Ctrl+H kwenye nakala yako, tafuta "Mboga (kabichi, karoti)" na uweke "Mboga (kabichi na karoti)" kwenye kolamu B. Fanya hivyo hata kama fomula ya uzio ingeweza kulipata jina zima pamoja na mkato wake. Punde tutahitaji kuhesabu mikato ya kila mstari, na mkato wa ziada ungetudanganya.

Hizo zana za kukata seli zina kasoro nyingine kubwa zaidi. Zinapanga majibu kwa kufuata nafasi ya jibu, si kwa zao. Kolamu ya kwanza inakuwa na Mahindi, Ndizi na Viazi kwa mchanganyiko, ya pili ina Maharage, Parachichi na Viazi vitamu. Ukikata kwa mkato pekee, majibu ya pili na kuendelea yanabaki na nafasi mbele, na COUNTIF inayakataa. Sizitumii kwa kazi hii.

Sasa kolamu za ndiyo na hapana

Kwenye mstari wa kwanza, kuanzia D1 hadi J1, andika majina ya machaguo: Mahindi, Maharage, Viazi, Viazi vitamu, Ndizi, Parachichi, Mboga (kabichi na karoti). Yanakili kutoka kwenye fomu badala ya kuyachapa upya, ila la Mboga liandike lilivyo sasa baada ya kuondoa mkato, maana kichwa chenye nafasi iliyojificha mwishoni hutoa kolamu nzima ya sifuri. K1 iandike Nyingine. Kisha D2:

```
=IF($C2="","",IF(ISNUMBER(SEARCH(", "&D$1&", ",", "&$C2&", ")),1,0))
```

Ivute kulia hadi J2, halafu zote chini hadi mstari wa 10. Alama za dola ndizo zinazoshikilia kila kitu mahali pake: $C2 inabaki kwenye kolamu C unapovuta kulia, na D$1 inabaki kwenye mstari wa vichwa unapovuta chini. Ukiona kolamu ya kwanza iko sahihi na zilizofuata zote ni sifuri, kwanza angalia kama dola ya mbele ya C ipo.

Fomula ikikataliwa kabisa mara tu unapoibandika, huenda mipangilio ya eneo kwenye kompyuta yako inataka nukta-mkato kati ya sehemu za fomula. Badilisha mikato inayotenganisha sehemu tu. Ile iliyo ndani ya alama za kunukuu iache, kwani ndiyo uzio wenyewe.

Jumla ya kila kolamu kwa sasa ni hii: Mahindi 6, Maharage 2, Viazi 2, Viazi vitamu 2, Ndizi 2, Parachichi 2, Mboga 1. Viazi vimerudi kwenye 2, yaani B2 na B6 kama macho yalivyoona.

Dalili: jibu limepotea na halipo kwenye kolamu yoyote

Pareto ya B9 haina kolamu. "Maharagwe" ya B10 nayo haina, kwa kuwa kichwa chetu kinasema Maharage. Fomula imeandika 0 kote na kunyamaza. Hapa ndipo kolamu K inapofanya kazi mbili kwa mpigo. Inalinganisha idadi ya majibu yaliyomo kwenye seli na idadi ya 1 zilizopatikana. Idadi ya majibu ni mikato ukiongeza moja:

```
=IF($C2="","",IF(LEN($C2)-LEN(SUBSTITUTE($C2,",",""))+1>SUM($D2:$J2),1,0))
```

LEN inahesabu herufi zote, kisha inazihesabu tena mikato ikiwa imeondolewa, na tofauti ndiyo idadi ya mikato. Mstari wa 2 una mikato miwili, kwa hiyo majibu matatu, na tumepata 1 tatu. K2 inatoa 0. Mstari wa 9 una majibu mawili lakini tumepata Mahindi tu, kwa hiyo K9 ni 1. Vivyo hivyo K10.

Chuja mistari yenye 1 kwenye K na uisome mmoja mmoja. Usiiruke hatua hii hata kama mistari ni mingi, maana humo utakuta vitu vya aina tatu. Kuna majibu mapya ya kweli kama pareto, ambayo yanabaki kuwa Nyingine, na yakijirudia sana yanastahili kolamu yake. Kuna tahajia tofauti kama maharagwe, ambayo unairekebisha kwenye B na kolamu zinajisahihisha zenyewe. Na kuna takataka: mkato ulioachwa mwishoni, au zao lililoandikwa mara mbili.

Kuna lingine linalojificha humo. Fomu iliyobadilishwa katikati ya kazi, tuseme baada ya siku chache mtu akaandika upya "Viazi" kuwa "Viazi mviringo" ili kuondoa utata, inakuachia majina mawili ya zao moja. Majibu ya zamani hayabadiliki kwenye jedwali. Vichwa vyako vikifuata fomu mpya, wakulima wote wa mwanzo wanahamia Nyingine. Ukiona Nyingine imejaa watu wa tarehe za kwanza tu, sababu ni hiyo, na Ctrl+H inamaliza. Ila hapo geuza jina jipya liwe la zamani, yaani "Viazi mviringo" iwe "Viazi", na kichwa kibaki Viazi, au badilisha kwa uangalifu mstari kwa mstari. Vinginevyo utageuza "Viazi vitamu" kuwa "Viazi mviringo vitamu".

Tukisharekebisha B10, Maharage inakuwa 3 na Nyingine inabaki 1. Jumla ya tiki zote ni 19. Hesabu kwa macho kutoka mstari wa 2 hadi wa 10 na utapata 19 zilezile.

Dalili: asilimia zinazidi mia, au hazilingani na za mwenzako

Mahindi ni 6. Asilimia ngapi? Mmoja anagawanya kwa 9, kwa kuwa mistari ni tisa, anapata 67. Mwingine anagawanya kwa 19, idadi ya tiki, anapata 32. Sahihi kwa swali la "wakulima wangapi kati ya waliojibu wanalima mahindi" ni kugawanya kwa 8, na jibu ni 75:

```
=SUM(D2:D10)/COUNT(D2:D10)
```

B5 iko tupu. Mtu huyo hakusema halimi mahindi, hakujibu swali. Ndiyo sababu fomula zetu zinaanza na IF($C2="","", ili mstari wake ubaki mtupu badala ya kujazwa sifuri. COUNT inahesabu namba tu, kwa hiyo inamruka. Ukimjaza sifuri unamgeuza asiyejibu kuwa aliyekataa, na mazao yote yanashuka kwa pamoja bila sababu.

Asilimia za kolamu zote ukizijumlisha zinafika 237.5, yaani 19 kwa 8. Hilo ni sawa, kwa kuwa mtu mmoja amehesabiwa kwenye mazao kadhaa. Usizilazimishe zifike mia, na usizichoree mchoro wa duara, kwa sababu duara linamwambia msomaji kwamba vipande vinagawana kitu kimoja. Tumia mchoro wa mihimili, na chini yake uandike kwamba mhojiwa aliruhusiwa kutaja zaidi ya zao moja na kwamba waliojibu ni 8.

Google Forms haiwezi kukuambia kama mwenye seli tupu aliliruka swali au kweli halimi chochote. Kama tofauti hiyo ina maana kwako, lifanye swali liwe la lazima na uongeze chaguo la "Silimi zao lolote". Lipe kolamu yake, ihesabiwe pia ndani ya SUM iliyo kwenye fomula ya Nyingine, kisha utafute mistari ambayo ina 1 hapo na pia 1 kwenye zao lolote. Mistari hiyo inajipinga, na wa kuiamua ni aliyemhoji mkulima, si anayechakata data.

Ukiwa na maelfu ya mistari

Anayetumia Python na pandas anaweza kumaliza kwa mistari miwili, baada ya usafi wa kolamu C, ambayo hapa inaitwa safi:

```
d = df["safi"].str.get_dummies(sep=", ")
d[df["safi"].isna()] = None
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. get_dummies inawajazia sifuri wasiojibu, kosa lilelile la B5. Hakikisha seli tupu zimesomwa kuwa tupu kweli, si maandishi yasiyo na herufi. Pia inatengeneza kolamu kwa kila tahajia, kwa hiyo Maharage na Maharagwe zitakuwa kolamu mbili, na chaguo ambalo hakuna aliyelitia tiki halitakuwa na kolamu kabisa.

Na kama dodoso bado hujaliingiza mtandaoni, KoboToolbox hukuruhusu kupakua maswali ya aina hii yakiwa tayari yametengwa, kila chaguo na kolamu yake ya 1 na 0. Wakati wa kupakua, angalia mpangilio unaohusu Select Many, uchague kolamu zilizotengwa. Humo pia anayerukwa na swali hubaki mtupu.

Kolamu zikishakaa sawa, swali ambalo seli ya mwanzo isingeweza kulijibu linakuwa jepesi. Wangapi wanalima mahindi pamoja na viazi mviringo?

```
=COUNTIFS(D2:D10,1,F2:F10,1)
```

Kwenye mfano wetu ni mmoja, yule wa mstari wa 2. Kwa nyota na maandishi ungeambiwa watatu.